Akaunti Moja, Wenye Fedha Wengi: Kwa Nini Kutenga Fedha za Mteja Benki Hakutoshi

Kila wakili anaposhtakiwa kwa kula fedha za mteja, wanataaluma wenzake hutoa maelezo yale yale: ofisi ilichanganya fedha za wateja na mapato yake, na dawa ni kuzitenga. Fungua akaunti mbili, moja ya ofisi na moja ya wateja, usivuke mpaka, na amana itakuwa salama. Maelezo haya yamerudiwa mno hata yanachukuliwa kuwa ndiyo sheria yenyewe. Makala haya yanayapinga. Hoja yangu ni kwamba mpaka kati ya ofisi na wateja ni mmoja tu kati ya miwili, na ndio ulio rahisi kuulinda. Wa pili ni ule unaomtenga mteja na mteja mwenzake ndani ya akaunti ile ile. Benki haiuoni mpaka huo, karani huuvuka bila kujua, na mara nyingi mteja hupotezea fedha zake hapo bila mtu yeyote kuiba.

Kuhusu mpaka wa kwanza hakuna ubishi. Kanuni za Hesabu za Mawakili za Kenya, zilizo chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, zinamtaka wakili aweke fedha za mteja bila kuchelewa katika akaunti ambayo jina lake linaonyesha kuwa ni ya wateja. Kifungu cha 80 cha Sheria hiyo kinamtia hatiani kwa jinai wakili aliyekabidhiwa fedha kwa shughuli fulani, shughuli ikaisha, naye akashindwa kuzilipa au kuzitolea hesabu. Haya yanajulikana. Ubishi unaanza pale tunapouliza: akaunti ya wateja ikishatengwa, fedha zilizomo ni za nani hasa?

Swali hili nilikutana nalo nikiwa mwanagenzi katika ofisi moja ndogo ya uwakili huko pwani. Nimebadilisha majina na kuweka tarakimu nzima nzima ili hesabu ifuatike, lakini umbo la tukio ni lile lile.

Akaunti ya wateja ilikuwa na fedha za watu wawili. Mama Zuhura alikuwa amelipwa fidia ya ajali na kampuni ya bima, shilingi 900,000, zikingoja mgawanyo kati yake na watoto wake. Za pili zilihusu kiwanja cha Bwana Kombo, alichokiuza kwa shilingi 8,000,000. Mnunuzi wake alikuwa ameweka asilimia 10 ya bei, yaani shilingi 800,000, nasi tulizishika kwa niaba ya pande zote mbili hadi mauzo yakamilike. Akaunti ilikuwa na shilingi 1,700,000, na kila shilingi ilikuwa na mwenyewe.

Jumatatu akaja Bi Halima, aliyekuwa ananunua kiwanja cha shilingi 5,000,000 mjini. Ushuru wa stempu kwa ardhi ya mjini ni asilimia 4, kwa hiyo alituandikia hundi ya shilingi 200,000. Karani aliipeleka benki mchana, akaiandika kwenye leja ya Halima, na kwa kuwa muda ulikuwa umebana, Jumanne asubuhi ushuru ukalipwa kutoka akaunti ya wateja. Jumatano hundi ikarudi. Akaunti ya Halima haikuwa na fedha za kutosha.

Nani alilipa ushuru wa Halima? Ofisi haikutoa kitu, na Halima hakutoa kitu. Shilingi 200,000 zilitoka katika fidia ya Zuhura na amana ya kiwanja cha Kombo. Benki haikusita kulipa kwa sababu machoni pake kulikuwa na mteja mmoja tu, yaani ofisi yetu, na salio lilitosha. Akaunti ilikuwa imetengwa sawasawa na hakuna senti ya wateja iliyoingia kwenye akaunti ya ofisi. Hata hivyo fedha za wateja wawili zilikuwa zimemkopesha wa tatu bila wao kuulizwa.

Kilichonishangaza zaidi kilitokea mwisho wa mwezi. Karani alifanya ulinganisho ambao vitabu vya uhasibu vinaufundisha: taarifa ya benki, daftari la fedha la akaunti ya wateja, na jumla ya leja za wateja. Benki ilisema 1,500,000. Daftari la fedha lilisema 1,500,000. Leja zilisema Zuhura 900,000, Kombo 800,000, Halima hasi 200,000, jumla 1,500,000. Tarakimu tatu zililingana, karani akatia alama ya vema, akamwambia wakili, “Hesabu imekaa sawa, wakili.” Wala hakuwa amekosea kujumlisha. Lakini ofisi ilikuwa na deni la amana la shilingi 1,700,000 na benki ilikuwa na 1,500,000. Pengo lilikuwapo ukurasani, likafichwa na kitendo cha kujumlisha. Salio hasi la mteja mmoja lilipunguza haki ya wengine kana kwamba wote walikuwa washirika wa biashara moja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba ulinganisho wa njia tatu ndio ulinzi wa mwisho. Ulinganisho huo unashika makosa ya kuandika: hundi iliyosahauliwa, tarakimu iliyogeuzwa, malipo yaliyoandikwa mara mbili. Hauwezi kushika pengo ambalo limeandikwa kwa usahihi. Leja ya mteja haina sababu halali ya kuwa chini ya sifuri, kwani mtu hawezi kutumia amana zaidi ya aliyoiweka. Kwa hiyo salio hasi halipaswi kujumlishwa na mengine hata kidogo. Linapaswa kuandikwa kando, peke yake, na kusomwa kama deni la ofisi kwa akaunti ya wateja.

Sheria ya amana inalifanya jambo hili kuwa zito zaidi kuliko linavyoonekana kwenye daftari. Wengi hutegemea kesi ya Hallett, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1880. Hallett alikuwa wakili. Mteja wake, Bi Cotterill, alimkabidhi hati za dhamana. Hallett akaziuza na kuingiza fedha katika akaunti yake mwenyewe, akafariki akiwa na madeni kupita mali yake. Mahakama ilisema kwamba mdhamini akitoa fedha katika akaunti iliyochanganyika, huchukuliwa kuwa ametumia kwanza zilizo zake na kuziacha za amana. Kwa msingi huo zilizobaki zilihesabiwa kuwa za amana, na wadai wa kawaida wakakaa pembeni.

Kanuni hiyo ni ngao nzuri ya mteja dhidi ya wakili. Lakini haifanyi kazi pale ambapo wakili hana fedha zake katika akaunti, na akaunti ya wateja inayotunzwa vizuri haina fedha za wakili. Pengo likitokea humo, hakuna zilizo zake za kuanza kutumika. Kinachobaki ni mgogoro kati ya wasio na hatia. Mahakama inaweza kufuata kanuni ya zamani ya kesi ya Clayton ya mwaka 1816, kwamba zilizotangulia kuingia ndizo zilizotangulia kutoka, au kugawa hasara kwa uwiano, kama Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilivyofanya mwaka 1992 katika kesi ya wawekezaji wa Barlow Clowes. Katika mfano wetu, kwa kanuni ya Clayton, hasara yote ingemwangukia yule ambaye fedha zake zilitangulia kuingia. Kwa uwiano, Zuhura angepoteza takriban 106,000 na walio nyuma ya amana ya Kombo takriban 94,000. Ofisi ina haki ya kumdai Halima, ni kweli, lakini dai haliwezi kumlipa Zuhura siku anayokuja kuchukua haki yake.

Wapo wanaosema: basi wakili anyang'anywe kabisa fedha za wateja, kama Wafaransa walivyofanya. Huko, fedha ambazo wakili anapokea kwa niaba ya wateja hupitia mfuko wa chama cha mawakili wenyewe, uitwao CARPA. Hoja hii ni ya maana, lakini nadhani wanaoitoa wanatazama pasipo penyewe. Nguvu ya CARPA haitokani na kuwa nje ya ofisi ya wakili. Inatokana na kwamba kila shauri lina akaunti yake ndogo ndani ya mfuko, na akaunti hiyo hairuhusiwi kwenda chini ya sifuri. Hundi ya Halima ingepelekwa huko, malipo ya Jumanne yangekataliwa hadi fedha zifike kweli. Hamisha fedha kwa mshika amana wa nje asiye na leja kwa kila shauri, na pengo la Jumatano litahamia kwake.

Pingamizi zito zaidi ni la udanganyifu. Mwaka 2023 mamlaka inayosimamia mawakili wa Uingereza na Welisi iliifunga ofisi ya Axiom Ince baada ya kubainika kwamba zaidi ya pauni milioni 60 za wateja hazikuwapo, na hii ni nchi ambayo kanuni zake zinataka ulinganisho angalau kila wiki tano. Nakiri kwamba orodha yoyote inayotengenezwa na ofisi inaweza kughushiwa na ofisi. Dhidi ya mghushi kinachosaidia ni taarifa ya benki kwenda kwa msimamizi moja kwa moja bila kupita mikononi mwa wakili. Lakini ofisi niliyoieleza haikuwa na mghushi. Ilikuwa na hundi mbovu na haraka, na mapengo yanayozaliwa hivyo, au kwa ada za benki zinazokatwa kwenye akaunti ya wateja, au kwa wakili anayejilipa kabla ya kumpelekea mteja ankara, ndiyo ninayoamini humfundisha mtu kwamba akaunti ya wateja inanyumbulika.

Maana ndivyo ilivyoendelea. Mwezi uliofuata mteja wa nne aliingiza shilingi 1,000,000, Zuhura akalipwa haki yake yote, na hakuna aliyehisi kitu. Kila fedha mpya ilifunika shimo la zamani. Dalili zilikuwapo kwa anayejua kutazama: leja ya Halima iliyobaki hasi mwezi baada ya mwezi, kisha salio lake kuhamishiwa kwenye leja ya “mpito” isiyo na jina la mtu. Ukiiona leja ya namna hiyo ndani ya akaunti ya wateja, anza ukaguzi hapo.

Kanuni za Kenya tayari zinasema kwamba kinachotolewa kwa ajili ya mteja kisizidi kile kinachoshikwa kwa ajili yake. Sentensi hiyo ni fupi, haisomwi sana, na kwa maoni yangu ndiyo moyo wa kanuni zote. Inakosa mkono wa kuitekeleza. Ningependa iongezewe wajibu wa orodha ya kila mwezi yenye jina na salio la kila mteja, masalio hasi yakiorodheshwa kando bila kupunguzwa kutoka kwa mengine, itiwe saini na wakili mwenyewe badala ya karani, na kila hasi izibwe kwa fedha za ofisi siku ile inapogunduliwa. Ofisi ya wakili mmoja italalamika kuhusu mzigo. Leja 30 au 40 ni kazi ya asubuhi moja, na leja hizo zinatakiwa kuwapo hata sasa.

Chini ya utaratibu huo, Jumatano ile wakili wetu angeandika hundi ya shilingi 200,000 kutoka akaunti ya ofisi kabla benki haijafunga, kisha amfuate Bi Halima kwa hasara iliyo yake. Badala yake, mauzo ya Bwana Kombo yalipokamilika, mteja wa nne naye akiwa amekwisha kulipwa fedha zake zote, akaunti ilikuwa na shilingi 600,000 pale palipotakiwa 800,000, na barua ya kwanza iliyoandikwa ilikuwa ya kumwomba asubiri.