Ndoa ya bia: Tusker, Castle na talaka ya 2010

Wadau, wale mliokuwa watu wazima miaka ya tisini mnakumbuka vita ya bia. South African Breweries walinunua nusu ya TBL mwaka 1993, serikali ilipokuwa ikibinafsisha mashirika. Wakenya wa East African Breweries (EABL) nao wakaja na kiwanda cha Kibo pale Moshi. Wasauzi wakajibu kwa kujenga kiwanda cha Castle Thika, nyumbani kwa Tusker. Kila mmoja akawa anachoma fedha kwenye uwanja wa mwenzake.

Mwaka 2002 wakachoka, wakapatana. Thika ikafungwa, Kibo ikauzwa kwa TBL nayo ikafungwa. EABL wakapewa asilimia 20 ya TBL, na Wasauzi (ambao mwaka huo huo waligeuka SABMiller) wakapewa asilimia 20 ya Kenya Breweries. TBL ikapika Tusker kwa leseni hapa Bongo, na Castle ikauzwa Kenya kupitia Wakenya. Amani hiyo waliilipia wafanyakazi wa Thika na Moshi.

Sasa angalia ubia huu ulivyofungwa: hisa kwa hisa, na bia kwa bia. Mwenye Tusker anamtegemea mshindani wake aipike vizuri, aipeleke baa na aipe nafasi kwenye friji. Lakini mshindani huyo ana Safari na Kilimanjaro zake. Kwa nini ahangaike na ya jirani? Ugomvi wa namna hii haupimwi mahakamani kirahisi. Dalili yake ni mauzo ya bia ya mgeni kushuka huku za mwenyeji zikipanda.

Mwaka 2010 EABL wakanunua asilimia 51 ya Serengeti Breweries, mpinzani wa TBL. Hapo ndoa ikawa haiwezekani tena: huwezi kumiliki Serengeti huku ukimiliki kipande cha TBL. Tume ya Ushindani ilikubali ununuzi huo kwa sharti kwamba EABL waachie hisa zao za TBL.

Mwaka 2011 hesabu zikafungwa. EABL wakanunua tena asilimia 20 ya Kenya Breweries kwa takriban shilingi za Kenya bilioni 19.5. Zile za TBL, kama hisa milioni 59, wakaziuza kwa umma kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa shilingi 2,060 kila moja, yaani karibu shilingi bilioni 121.5. Piga hesabu kwa viwango vya wakati ule: kipande cha Kenya kilikuwa na thamani karibu mara tatu ya cha Tanzania. Asilimia zililingana, fedha hazikulingana.

Hisa zina bei, kwa hiyo zinagawanyika. Kazi ngumu iko kwenye vitu visivyo na bei ya sokoni, na ndiyo maana wabia wanaoachana huandikiana barua. Huu hapa ni mfano wa kubuni, wa wabia wowote wa bia:

"Kuanzia siku ya mwisho ya leseni hatutapika bia yenu. Bia iliyopo ghalani tutaiuza kwa siku 90, kisha iliyobaki mtainunua kwa gharama yetu. Chupa na kreti zenye nembo yenu zilizo mikononi mwa wateja zitahesabiwa pamoja. Wafanyakazi waliokuwa wakihudumia bia yenu wataulizwa kama wanataka kuhamia kwenu. Na kila msambazaji ataandikiwa na sisi sote wawili."

Soma ile sentensi ya wafanyakazi tena. Tanzania mkataba wa kazi hauhami wenyewe kwa sababu mabosi wamepeana mikono; mfanyakazi lazima akubali. Akipunguzwa, Sheria ya Ajira ya 2004 inadai apewe taarifa na yafanyike mashauriano. Kama ametimiza mwaka kazini, kiinua mgongo chake hakipungui mshahara wa siku saba kwa kila mwaka, hadi miaka 10. Barua isiposema nani analipa ile miaka ya zamani, kila upande utamwambia aende kwa mwenzake.

Wateja nao ni hivyo hivyo. Msambazaji alisaini na kampuni moja. Hawezi kukabidhiwa kwa nyingine kama kreti. Asipokubali, anabaki na mkataba wa bia ambayo aliyesaini naye hana haki tena ya kuipika. Siku 90 zile zipo ili apate muda wa kusaini upya kabla friji halijawa tupu.

Tusker ilihamia Serengeti, na mnywaji wa Sinza pengine hakuhisi tofauti. Talaka ya 2010 ilikuwa nyepesi kwa sababu viwanda viwili vilikwisha kuzikwa 2002. Kwa hiyo ukisikia kampuni "zimeachana kwa amani", tafuta kwanza nani alilipa siku zilipooana.