Ahirisha: matumizi yake katika barua pepe ya kuomba muda wa mtihani

ahirisha *kt [ele]* sogeza jambo lililopangwa lifanyike wakati wa baadaye. *Mnyambuliko:* ahirishwa, ahirishia, ahirishiwa, ahirishana, *nm* uahirishaji. *Asili:* Kiarabu, kutoka mzizi mmoja na aheri (mwisho) na ahera.

Maana na mipaka yake

Kinachoahirishwa ni tendo: mkutano, safari, kesi, mtihani. Tarehe ya mwisho si tendo, bali ni mpaka wa muda. Kwa hiyo mtu huahirisha kufanya mtihani, lakini huomba *kuongezewa muda* wa kujisajili, kulipa ada au kuthibitisha masomo. Anayeandika “naomba kuahirishiwa tarehe ya mwisho” anaeleweka katika mazungumzo, lakini ofisini anamwacha msomaji na maswali mawili: je, mwombaji bado anataka kufanya mtihani huu, au anataka kusubiri ujao?

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa watahiniwa wa bodi za kitaaluma. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, kwa mfano, hufanya mitihani yake Mei na Novemba. Katika utaratibu wa namna hiyo, ombi la kuongezewa muda hugharimu siku chache, ilhali ombi la kuahirisha hugharimu miezi sita.

Ahirisha pia isichanganywe na ghairi (badili nia) wala futa. Aliyeghairi mtihani amejitoa, na ada yake inaweza kuhesabiwa kwa namna nyingine kabisa. *Sogeza mbele* hutumika kwa maana ya ahirisha, lakini haionyeshi umbali. Iandamane daima na tarehe au kipindi kamili.

Mfano uliofanyiwa kazi

Mtahiniwa mkazi wa Rujewa, Wilaya ya Mbarali, alitakiwa kuthibitisha masomo yake ya mtihani wa Novemba ifikapo tarehe 17 Oktoba. Alilazwa hospitalini kuanzia tarehe 11 hadi tarehe 19. Rasimu yake ya kwanza ilisomeka hivi:

> Husika na mada tajwa hapo juu. Nilikuwa naomba kuahirishiwa tarehe kwani nilikuwa nimelala hospitali wiki nzima tangu usiku wa kuamkia tarehe 12. Nimeambatanisha vielelezo.

Rasimu hii ina adabu, lakini ina kasoro nne. *Nilikuwa naomba* ni upole wa mazungumzo. Katika maandishi rasmi umbo hilo husomeka kama ombi lililokwisha pita, hivyo *ninaomba* linatosha. *Nimelala hospitali* linaweza kumhusu hata aliyekesha akimuuguza ndugu. Mgonjwa *hulazwa* na akipona *huruhusiwa*. *Vielelezo* havikutajwa kimoja kimoja, kwa hiyo kimoja kikikosekana hakuna atakayejua.

Kasoro ya nne ndiyo yenye hatari zaidi. Mtu aliyepokewa wodini saa 4 usiku wa tarehe 11 husema kwa Kiswahili sahihi kwamba alilazwa *usiku wa kuamkia tarehe 12*. Fomu ya hospitali, hata hivyo, itaandika tarehe 11, kwa kuwa saa 6 usiku haijafika. Karani anayelinganisha barua na fomu anaona tarehe mbili, na ombi la kweli linaanza kutiliwa shaka. Vivyo hivyo *wiki nzima*: kutoka tarehe 11 hadi 19 ni usiku 8, na ukihesabu siku zote mbili za pembeni ni siku 9. Njia salama ni kuacha hesabu na kunakili tarehe mbili kama zilivyo katika fomu.

Baada ya marekebisho, barua pepe ilikuwa hivi:

> Mada: Ombi la kuongezewa muda wa kuthibitisha masomo, mtihani wa Novemba – mtahiniwa namba …
>
> Mkurugenzi Mtendaji,
>
> Mimi ni mtahiniwa mwenye namba iliyotajwa hapo juu. Nilitakiwa kuthibitisha masomo mawili ifikapo tarehe 17 Oktoba.
>
> Nililazwa hospitalini tarehe 11 Oktoba na kuruhusiwa tarehe 19 Oktoba. Kwa sababu hiyo sikuweza kukamilisha uthibitisho kwa wakati.
>
> Ninaomba kuongezewa muda hadi tarehe 24 Oktoba. Iwapo haitawezekana, ninaomba kuahirisha masomo yote mawili hadi mtihani wa Mei, na ada niliyokwisha kulipa ihamishiwe mtihani huo.
>
> Nimeambatisha: (1) fomu ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, (2) barua ya daktari, (3) stakabadhi ya malipo ya ada.
>
> Wako mtiifu,
> (majina matatu, namba ya simu)

Maneno mawili ya msingi sasa yanafanya kazi mbili tofauti. *Kuongezewa muda* ni ombi la kwanza, *kuahirisha* ni ombi la akiba, na kila moja lina ukomo wake. Anayesoma anaweza kukubali moja au jingine bila kuandika kuuliza.

Viambatisho

Kila kiambatisho hujibu swali lake. Fomu ya kuruhusiwa huthibitisha tarehe. Barua ya daktari, yenye jina lake, saini na muhuri wa hospitali, hueleza kwamba mgonjwa hakuwa na uwezo wa kufanya shughuli zake katika siku hizo. Ndiyo maana barua pepe yenyewe haikulazimika kutaja ugonjwa. Stakabadhi huthibitisha kwamba kuna ada ya kuhamishwa. Cheti kinachosema tu kwamba mtu *alitibiwa* hakitoshi, kwa sababu mgonjwa wa nje naye hutibiwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Majina nayo yalinganishwe kabla ya kutuma. Hospitali mara nyingi huandika majina mawili, ilhali usajili wa mtihani hudai matatu. Tofauti ikiwapo, sentensi moja ya maelezo pamoja na nakala ya kitambulisho cha Taifa huiondoa. Tahajia iliyokosewa katika fomu irekebishwe na hospitali yenyewe, kwa maana mgonjwa akiigusa kwa kalamu yake, hati yote huharibika.

Tanbihi za matumizi

*Ambatisha* na *ambatanisha* yote hutumika. La kwanza limetokana na *ambata* na ndilo lililozaa *kiambatisho*. La pili limetokana na *ambatana*. Mwandishi achague moja na kulishika katika barua nzima.

*Mtahiniwa* ni anayefanya mtihani, na *mtahini* ni anayeutunga au kuusahihisha. Kiambishi *-w-* kikidondoka, mwombaji hujigeuza msahihishaji wa karatasi yake mwenyewe.

*Ahirishwa* hutumika mtihani wenyewe unaposogezwa kwa watahiniwa wote: “Mtihani umeahirishwa.” Mtu mmoja anaposubiri kipindi kingine, mtihani haukuahirishwa, bali yeye *ameahirisha kufanya* mtihani, au *ameruhusiwa kuahirisha*.

*Linganisha:* akhirisha (tahajia ya zamani), ghairi, sitisha, ukomo.