Kutia rangi picha za nyeusi na nyeupe

Kutia rangi picha za nyeusi na nyeupe ni kazi ya kuongeza rangi kwenye picha iliyopigwa kwa filamu isiyohifadhi rangi. Hufanywa kwa brashi au kwa kompyuta. Rangi zinazopatikana ni makisio yenye msingi, si rangi za asili zilizorudishwa.

Sababu

Filamu ya nyeusi na nyeupe huhifadhi kiasi cha mwanga tu. Rangi mbili tofauti zinaweza kutoa kijivu kilekile. Kwa mfano, kompyuta hugeuza rangi kuwa kijivu kwa kanuni hii ya kawaida:

```
Y = 0.299 R + 0.587 G + 0.114 B
```

Hapo R ni kiasi cha nyekundu, G kijani na B buluu. Nyekundu tupu ya 200 hutoa takriban 60. Kijani tupu ya 102 pia hutoa takriban 60. Anayepewa 60 peke yake hawezi kujua ilitoka wapi. Aina ya filamu nayo huongeza utata: filamu za zamani zisizohisi mwanga mwekundu zilionyesha vitu vyekundu kama vyeusi.

Mfano wa Kongwa

Kongwa, katika Mkoa wa Dodoma, ilikuwa kituo cha mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Picha nyingi za mpango huo ni za nyeusi na nyeupe. Tuchukue picha ya tingatinga likifyeka vichaka.

Udongo unaweza kukisiwa vizuri, kwa kuwa udongo mwekundu wa Kongwa bado upo na unaweza kulinganishwa. Tingatinga ni gumu zaidi. Programu ya kompyuta iliyofunzwa kwa picha za kisasa huelekea kulipaka njano, kwa sababu matingatinga mengi iliyoyaona ni ya njano. Lakini baadhi ya mitambo ya mpango huo ilikuwa mabaki ya jeshi la Marekani yaliyonunuliwa Ufilipino, na mitambo ya jeshi kwa kawaida ilipakwa kijani cha kijeshi. Hivyo hati za ununuzi husaidia kuliko kijivu cha picha. Shati la kibarua aliyesimama kando huenda lisiwe na ushahidi wowote. Rangi yake ni uchaguzi wa mtiaji rangi tu.

Kutambua makisio

Dalili za kazi ya programu ni rangi kuvuja nje ya kingo za kitu, ngozi za watu wote kuwa na rangi moja, na nguo kuwa za kahawia iliyofifia. Hiyo ya mwisho hutokea programu inapochukua wastani wa rangi nyingi zinazowezekana.

Picha ya asili hutunzwa bila kubadilishwa. Nakala yenye rangi huandikwa kwamba imetiwa rangi, pamoja na kueleza rangi zipi zina ushahidi na zipi zimekisiwa.