Ifahamu Barua ya Mkandarasi ya Kuomba Hati ya Malipo ya Awamu

Katika miradi ya ujenzi, mkandarasi hulipwa kwa awamu kadiri kazi inavyoendelea. Kila awamu huanza kwa barua inayoambatana na taarifa ya kazi zilizofanyika, na kwa mujibu wa masharti ya mkataba ya FIDIC ya mwaka 1999, barua hiyo huelekezwa kwa Mhandisi anayesimamia mkataba.

Tarehe ambayo Mhandisi anapokea taarifa na viambatisho vyake ina uzito kisheria. Kuanzia hapo, Mhandisi ana siku 28 za kutoa hati ya malipo, na mwajiri ana siku 56 za kulipa. Kwa sababu hiyo, barua hutaja namba ya mkataba, namba ya madai, kipindi kinachohusika na orodha ya viambatisho, na nakala ya mkandarasi hugongwa muhuri wa kupokelewa.

Kiini cha barua ni thamani ya kazi zote tangu mradi uanze, si kazi za mwezi mmoja pekee. Tuchukue mfano wa mkataba wa shilingi bilioni 2, ambao unazuia asilimia 10 ya thamani ya kazi na kukata asilimia 10 nyingine kurejesha malipo ya awali. Barua ya madai namba 5 ingeeleza hivi:

“Tunawasilisha madai ya kazi zilizofanyika hadi sasa, zenye thamani ya shilingi 800,000,000. Baada ya kuondoa fedha zinazozuiliwa, shilingi 80,000,000, na marejesho ya malipo ya awali, shilingi 80,000,000, inabaki shilingi 640,000,000. Hati namba 1 hadi 4 ziliidhinisha jumla ya shilingi 480,000,000. Hivyo, tunaomba kuidhinishiwa shilingi 160,000,000.”

Utaratibu wa kujumlisha tangu mwanzo huwezesha kusahihisha makosa. Iwapo kifusi kilipimwa kupita kiasi katika hati ya 3, kipimo sahihi huingizwa katika hati ya 5 na tofauti hujiondoa yenyewe. Aidha, kutolewa kwa hati ya awamu hakumaanishi kuwa kazi imekubaliwa.

Kosa linalojitokeza ni mkandarasi kupunguza fedha alizokwisha kulipwa badala ya zilizoidhinishwa. Katika mfano huu, hati namba 4 ikiwa ya shilingi 120,000,000 na bado haijalipwa, mkandarasi huyo ataondoa shilingi 360,000,000 tu na kudai shilingi 280,000,000. Kwa njia hiyo, kazi ileile itakuwa imeidhinishwa mara mbili, na mwajiri anaweza kulipa zaidi ya anachodaiwa.

Hati ambayo haijalipwa hubaki kuwa deni linalojitegemea. Mkandarasi hulifuatilia pamoja na gharama za ucheleweshaji zilizoainishwa katika mkataba, bila kulichanganya na madai mapya.