Faida Iliyolala Ghalani: Uondoaji wa Mauzo ya Ndani katika Hesabu Jumuifu za United States Steel

Kampuni ya United States Steel iliundwa mwaka 1901, mfadhili J. P. Morgan akiwa mhimili wa mpango huo, kwa kuunganisha makampuni ambayo baadhi yake yalikuwa yakiuziana bidhaa kama watu baki. Machimbo ya Minnesota, meli za Maziwa Makuu ya Amerika, matanuri ya Pennsylvania na Ohio, viwanda vya waya, mabomba na madaraja, vyote viliingia chini ya mmiliki mmoja. Hata hivyo, kila kampuni tanzu ilibaki na usajili wake, vitabu vyake vya hesabu na ankara zake. Kisheria, mgodi uliuza madini ghafi kwa tanuri. Kiuchumi, mmiliki alitoa fedha mfuko mmoja na kuzitia mfuko mwingine.

Taarifa ya mwaka 1902, iliyokaguliwa na Price, Waterhouse & Co., iliwasilisha kundi zima kama biashara moja, ingawa hapakuwa na sheria ya shirikisho iliyolazimisha jambo hilo. Uamuzi huo ulileta swali zito kuliko la kujumlisha tarakimu: ni mauzo yapi yahesabiwe kuwa mauzo?

Mfano wa kubuni unatosha kulionyesha swali hilo. Mgodi unatumia dola 100 kuchimba madini na kuyauza kwa tanuri kwa dola 150. Tanuri linaongeza gharama ya dola 250 na kuuza feleji kwa kampuni ya madaraja kwa dola 500. Kampuni hiyo inaongeza dola 300, kisha inamkabidhi mteja wa nje daraja kwa dola 900. Vitabu vitatu vikijumlishwa, mauzo ni dola 1,550, ilhali fedha iliyotoka kwa mtu wa nje ni 900 tu. Dola 650 za ndani huondolewa katika mauzo na pia katika gharama ya mauzo. Faida haiguswi: ni dola 250 kabla na baada ya kuondoa. Kosa katika hatua hii hukuza ukubwa wa biashara, lakini halikuzi faida yake.

Hali hubadilika daraja likiwa halijajengwa na feleji ingali ghalani siku ya kufunga hesabu. Kampuni ya madaraja inaionyesha kwa dola 500, bei iliyolipa kwa uaminifu kabisa, lakini kundi limetumia dola 350 tu. Zile 150 ni faida ambayo hakuna mteja aliyeilipa. Yafaa kuangalia muundo wake. Ankara ya tanuri inadhihirisha faida ya dola 100 pekee. 50 nyingine, za mgodi, zimejificha ndani ya gharama ya tanuri. Mhasibu anayerudi nyuma hatua moja tu huacha theluthi ya faida hiyo mahali pake.

Kwa kampuni hii jambo hilo halikuwa la nadharia. Maziwa Makuu hufungwa na barafu wakati wa baridi, hivyo madini ya msimu mzima yalisafirishwa mapema na kurundikwa karibu na matanuri. Mwaka wa hesabu uliishia tarehe 31 Desemba, wakati marundo hayo yalikuwa bado makubwa. Kama faida ya mgodi ingeachwa humo, gawio lingeweza kutangazwa kutokana na mawe yaliyolala uwanjani.

Pingamizi la kisheria halikuwa la kipuuzi. Kampuni tanzu ni mtu kisheria, mkataba wake ni halali, na umiliki wa bidhaa umehama kweli. Lakini pingamizi hilo linajibu swali la nani anadaiwa, si la nani ametajirika. Uongozi mmoja ukiamua bei pande zote mbili, unaweza kupandisha bei ya madini na kuzalisha faida bila kuchimba hata tani moja zaidi.

Ugumu wa kiutendaji ulibaki, nao unabaki hadi leo: marekebisho haya hufanywa katika karatasi ya kuunganisha hesabu, si katika leja za kampuni tanzu. Mwaka unaofuata leja hizo hufunguka zikiwa na feleji ya dola 500 kama kwamba hakuna kilichorekebishwa. Hivyo dola 150 huondolewa upya katika bidhaa za mwanzo na katika faida limbikizi, na daraja likikabidhiwa, gharama ya mauzo hupungua kwa kiasi hicho na faida hutambuliwa katika mwaka wake halisi. Marekebisho yakisahauliwa, dalili yake ni bayana: faida limbikizi ya mwanzo wa mwaka hailingani na ile iliyochapishwa mwishoni mwa mwaka uliotangulia, na tofauti ni dola 150 zilezile.