Gharama ya Asali: Upandishaji wa Taharuki katika Ngano ya Wizi

Mwaka 1901 George Bateman alichapisha kwa Kiingereza ngano alizozisikia Unguja, miongoni mwazo ile ya Sungura na Simba. Ngano hiyo huhesabiwa kuwa ya ujanja tu, ilhali kwa muundo wake ni hadithi ya wizi wa kupangwa: kuna mali ya mwenye nguvu, yaani asali iliyomo ndani ya mbuyu, kuna kiongozi, na kuna mshirika aliyealikwa kwa uongo kwamba mzinga huo ni urithi.

Kikwazo cha kwanza ni kurejea kwa Simba, wezi wakiwa bado mtini. Sungura anamwomba Buku amfunge katika majani makavu na kumtupa chini kana kwamba ni takataka. Anaokoka, Buku anashuka, anakiri, na kuliwa. Gharama hapa ni uhai, lakini anayelipa si kiongozi.

Baadaye Sungura anarudi mtini na Kobe. Hali inafanana mno na ile ya awali, na msimulizi dhaifu angeridhika kumuua mshirika wa pili. Badala yake, Kobe anatambua hila na kumtupa Sungura huku akimtangazia Simba. Kilichopotea safari hii ni uaminifu ndani ya kundi, na kwa mara ya kwanza kiongozi mwenyewe yumo mikononi mwa mwenye mali. Anaponyoka kwa kumshawishi Simba amzungushe kwa mkia. Kobe naye anajiokoa kwa hila yake, peke yake. Tangu hapo hakuna kundi tena.

Hatua ya tatu inauacha mti kabisa. Simba anamtafuta Sungura, naye anahama na mkewe. Kosa la mtini limefika mlangoni, kwa mtu ambaye hakuionja asali. Sungura anaona nyayo, anamrudisha mkewe, kisha anaiamkia nyumba. Simba aliyejificha ndani anaitikia, na hivyo kujifichua.

Mpangilio huu hauwezi kugeuzwa. Usaliti wa Kobe ungetangulia kifo cha Buku, usingekuwa na sababu. Msako wa nyumbani ungetangulia vyote viwili, Sungura asingekuwa na ujasiri wa kurudi mtini. Hapo ndipo riwaya nyingi za uhalifu hukosea. Tuseme wezi wametoka na gari la mahindi Madaba kuelekea Njombe: wakipita kizuizi cha kwanza kwa hongo, cha pili kwa hongo kubwa zaidi, fedha imeongezeka lakini taharuki imesimama. Kizuizi cha pili kingedai kitu cha aina nyingine, pengine mwenzao mmoja ashuke abaki.

Mwishoni Simba anachoka kukimbiza na kurudi chini ya mbuyu wake, asali ikiwa bado mali yake.