Kasha la Saa ya Mkono
Kasha la saa aghalabu hufanywa kwa chuma kisichoshika kutu, chenye uzito wa gramu 8 hivi kwa sentimita ya ujazo, ilhali kauri ya zirkonia ina 6, na titani, ambayo Citizen ya Japani iliitumia mwaka 1970, ina 4.5 tu. Chuma hicho kina nikeli, yapata sehemu 10 katika mia, na ijapokuwa utando wa kromi huizuia, jasho lililotuama chini ya kasha huweza kuitoa kidogo, hata ngozi ya mwenye mzio ikawasha na kutoka vipele palepale kasha linapogusa. Titani safi na kauri zimesalimika na dhara hilo. Ila titani safi hukwaruzika upesi, na kauri, isiyojali funguo, huweza kupasuka ikianguka sakafuni. Mwenye mzio na atazame bizimu pia, kwani huenda ikawa ya chuma.